Hadithi ya mvulana na redio mbovu: uzoefu wangu kwa msomaji wa miaka 9

Nimesoma kijitabu hiki na binti yangu wa miaka 9 hapa Kigoma, nikikitazama kwa jicho la fundi redio. Kisa ni chepesi: redio ya babu, Ujiji, imenyamaza, na mjukuu anaitengeneza kwa siku kadhaa.

Ukurasa wa kufungua redio umeandikwa na mtu anayejua kazi. Mvulana anapanga skrubu kwenye kifuniko cha kopo kwa mpangilio aliozitoa, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hupasua plastiki. Kisha anaijaribu spika peke yake. Anagusisha nyaya zake mbili kwenye jiwe moja la volti 1.5, mara moja tu na kuachia. Inalia "tak!" Spika nzima, kwa hiyo ugonjwa uko kwingine. Watu wazima wangapi hununua spika mpya kabla ya kufanya hivyo?

Ugonjwa wenyewe ni mawe yaliyovuja. Springi imeota unga mweupe, naye anaisugua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Anaweka mawe mapya, redio bado kimya. Hapo ndipo uvumilivu wake unapoonekana, kwa sababu anafuata waya mwekundu kutoka kwenye springi na kuukuta umekatika ndani ya ganda lake.

Sasa kasoro. Kitabuni anauchomea risasi papo hapo na unashika. Haiwezekani kirahisi hivyo. Maji ya mawe hupenya chini ya ganda, shaba ikawa nyeusi, na risasi hukataa kushika juu ya weusi ule. Inajikunja kama tone na kudondoka. Inabidi kukata waya kidogo kidogo, mara nyingi sentimita 2 au zaidi, mpaka uone shaba nyekundu inayong'aa, ndipo uchomee. Usipofika hapo, weka waya mpya. Kurasa mbili za kukata na kujaribu tena zingemfaa mtoto kuliko ile picha ya babu akipiga makofi.

Jambo jingine linanikera: mvulana anazungusha vile vikopo vidogo vyenye vichwa vya njano, nyeupe na nyeusi "kuona kama redio itaamka". Mzazi, simama hapo umwambie mtoto asiviguse. Vimewekwa sawa kiwandani, na ukivizungusha ovyo stesheni hufifia au kupotea hata kama redio ilikuwa nzima. Chuma cha kuchomelea nacho ashike akiwa na mtu mzima.

Lugha ni nyepesi, maandishi makubwa. Nakipa nyota nne kati ya tano.

Kosa la mwisho aliliona binti yangu. Kwenye picha ya kuweka mawe, mawe mawili yamelazwa sambamba, vichwa vyote upande mmoja. Kwenye redio ya aina hiyo kila kitako hugusa springi yake, kwa hiyo yanapishana. Yakikaa kama picha inavyoonyesha, jiwe moja linapingana na jingine, na badala ya volti 3 unapata sifuri.