Kupanga karatasi au kuhesabu alama, ipi inakupa mediani fasta?
Walimu wengi hapa Tanga wakitaka mediani wanapanga karatasi moja moja toka alama ndogo hadi kubwa, na darasa la watoto 45 utalinganisha weee mpaka uchoke. Mi naona kuhesabu ni bora kabisa, andika 0 hadi 100 kwenda chini, kila karatasi piga kijiti kwenye alama yake, jedwali la marudio tayari unalo. Mtoto wa katikati ni wa 23, kwahiyo jumlisha vijiti toka 0: mpaka alama 51 wapo 20, wenye 52 wako 4, wamefika 24, basi mediani ni 52. Vijiti visipofika 45 kuna karatasi umeruka. Ila kama alama zenyewe ni wastani wenye desimali ndefu, hapo panga tu.