Kutoka inchi 15.6 hadi 14: uzoefu wangu wa kubeba laptopu kwenye basi lililojaa

Kioo cha laptopu yangu ya zamani kilipasuka bila kuanguka. Asubuhi moja nilishuka kwenye basi, nikafika kazini, nikaifungua, nikakuta kona ya chini kulia imechanua nyufa kama utando wa buibui. Katikati ya nyufa palikuwa na doa jeusi kama wino uliomwagika. Nilipopitisha kidole hapo sikuhisi ufa wowote, juu ni laini kabisa.

Fundi aliigeuza, akaangalia mgongo wa skrini, hakuona mkwaruzo wala mahali palipobonyea. "Dada, hii haijaanguka," akaniambia. "Imebanwa. Chaja unaiweka wapi?" Nilikuwa naiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi, na begi nalikumbatia kifuani nikiwa nimesimama. Akanieleza kwamba skrini kama ile ina utando wa plastiki juu na kioo chembamba chini yake, ndiyo maana kidole hakihisi kitu ilhali kioo kimeshavunjika. Tofali la chaja lilikuwa limelalia mfuniko wa laptopu, mgongo wa abiria mwenzangu ukalisukuma, na mfuniko mpana na mwembamba ukapinda pale katikati ya chaja na kibodi.

Ile ilikuwa ya inchi 15.6. Nilikuwa nimeibeba karibu miaka 3, saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, mara nyingi nikiwa nimesimama. Badala ya kubadilisha kioo na kuendelea nikaamua kununua nyingine, na safari hii nikakataa kuchagua kwa kuangalia namba iliyobandikwa kwenye boksi peke yake.

Inchi zinazotajwa hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Zamani skrini nyingi zilikuwa na uwiano wa 16:9, yaani pana na fupi. Siku hizi laptopu nyingi za kubeba zina 16:10, ambayo ni ndefu kidogo kwenda juu. Nikachukua kalamu nikapiga hesabu. Skrini ya inchi 15.6 ya 16:9 ina upana wa sentimita 34.5 na kimo cha sentimita 19.4. Ya inchi 14 yenye 16:10 ina upana wa sentimita 30.2 na kimo cha sentimita 18.8. Rudia kuziangalia hizo namba: ukishuka kwenda 14 unapoteza zaidi ya sentimita 4 za upana, lakini kimo kinapungua kwa nusu sentimita na kidogo tu. Kwangu mimi ninayeshinda kwenye majedwali na ripoti, kimo ndicho kinachoonyesha mistari mingi. Upana ndio unaonigonga viwiko.

Nilijaribu pia ndogo zaidi. Mwenzangu kazini aliniazima yake ya inchi 13.3 kwa siku 3, ya 16:9, kilo 1.1. Kwenye basi ilikuwa raha, nilikuwa nasahau kama nimeibeba. Shida ilianza nilipokaa kufanya kazi. Skrini ina vitone 1920 kwa 1080, na kwa ukubwa wa kawaida herufi zilikuwa ndogo mno kwa macho yangu, nikazikuza hadi asilimia 150. Ukikuza hivyo, nafasi ya kazi inabaki sawa na skrini ya 1280 kwa 720. Ukitoa upau wa juu wa programu na upau wa chini, jedwali linabaki na mistari michache sana, kila mara unaviringisha. Siku ya tatu nilimrudishia na shukrani.

Ile ya inchi 14 niliyoipenda ina vitone 1920 kwa 1200. Nikiikuza asilimia 125, kama nilivyokuwa nikifanya kwenye ile kubwa, napata nafasi ya 1536 kwa 960. Ile ya 15.6 kwa asilimia hiyo hiyo ilinipa 1536 kwa 864. Kwa hiyo safu ni zile zile, mistari imeongezeka. Gharama yake ni kwamba kila herufi imekuwa ndogo kwa takriban sehemu moja kati ya nane. Ninaiona tofauti hiyo jioni macho yakishachoka, sitaficha. Mwenye macho yanayosumbua zaidi ya yangu asome aya ndefu kwenye skrini ya namna hiyo, kwa umbali anaokaa siku zote, kabla hajatoa pesa.

Sasa uzito. Kabla ya kununua nilitengeneza laptopu ya bandia, na katika yote niliyofanya hili ndilo lililonisaidia zaidi. Nilikata katoni vipande vya ukubwa wa umbo zima la mashine kama lilivyoandikwa kwenye maelezo yake, maana fremu na mwili huongeza juu ya skrini. Nikavipanga hadi unene ukakaribiana, nikafunga katikati yake madaftari na kifuko cha mchele hadi mizani ya jikoni ikasoma kilo 1.4. Nikatumbukiza kwenye begi nikasafiri nayo siku 4. Siku 2 nyingine nikaongeza uzito hadi kilo 1.8, kwa sababu kulikuwa na ya inchi 16 iliyonivutia.

Ukiwa umekaa, tofauti ya gramu 400 si kitu. Ukiwa umesimama, mkono mmoja juu kwenye bomba, mwingine umekumbatia begi kifuani, unaanza kuisikia kama dakika ya 20, hapa chini ya bega na kwenye kiuno. Ila kilichonishinda kwenye ya inchi 16 hakikuwa uzito. Ndani ya begi laptopu husimama wima, kwa hiyo upana wake ndio unaokuwa urefu wa begi. Katoni ya inchi 16 ilifika karibu sentimita 36, na begi lolote linaloimeza lilinitoka kifuani hadi chini ya kitovu. Kila nilipotaka kupenya kuelekea mlangoni, pembe ya chini ilikwama kwenye mapaja ya watu waliokaa. Ya inchi 14, yenye sentimita 31.5, ilipita.

Nikanunua ya inchi 14. Maelezo yalisema "kuanzia kilo 1.3". Hilo neno "kuanzia" lisomeni vizuri, ndugu zangu. Huwa ni uzito wa toleo jepesi kuliko yote, mara nyingi lenye betri ndogo au skrini isiyo ya kugusa. Yangu ina betri kubwa, na nilipoiweka kwenye mizani ilisoma kilo 1.41. Sijutii, kwa sababu betri hiyo inanifikisha jioni, lakini ningependa kuambiwa mapema.

Mizani ilinifundisha na jambo jingine. Mzigo wa zamani ulikuwa hivi: laptopu kilo 2.1, chaja na waya wake gramu 420, begi tupu kilo 1.1. Jumla kilo 3.62 kabla sijatia hata chupa ya maji. Mzigo wa sasa ni laptopu kilo 1.41, chaja ndogo ya wati 65 na waya wake gramu 180, begi gramu 700. Jumla kilo 2.29. Nimepunguza kilo 1.33, na karibu nusu yake imetoka kwenye chaja na begi, si kwenye laptopu. Ningekuwa nimebaki na laptopu ile ile nikabadilisha begi peke yake, ningekuwa nimeshapumua kiasi. Ambaye bado hana uwezo wa kubadilisha laptopu, aanze na begi. Na chaja ndogo iwe na wati zinazotosha mashine yake, maana ikiwa pungufu betri huchaji polepole, au hushuka hata ukiwa umechomeka.

Nimeitumia miezi 8 sasa. Nikipata kiti naifungua mapajani na viwiko vinabaki ndani ya kiti changu, jambo ambalo na ile ya zamani halikuwezekana bila kumgusa jirani. Mgongo wa kiti cha mbele ukiwa karibu, mfuniko bado unafunguka hadi pembe ya kusomeka. Kazi yenyewe ninayofanya humo ni kusoma na kusahihisha. Kuandika kwenye basi linaloyumba nimejaribu, nimeacha.

Ninachokikosa kwa kweli ni vitufe vya namba upande wa kulia. Anayeingiza tarakimu siku nzima atanielewa. Nimenunua kibodi ndogo ya namba, naiacha kazini pamoja na skrini ya mezani ya inchi 24. Bila hiyo skrini ya mezani nisingethubutu kusema inchi 14 inatosha kwa saa 8 kila siku. Jingine ni kwamba kumbukumbu ya RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, kama ilivyo kwa nyingi za wembamba huu, haiongezwi baadaye. Nilichukua ya GB 16 tangu mwanzo.

Na usidhani nyepesi maana yake ngumu. Kuna za kilo 1 ambazo mfuniko wake unanesa ukiushika kona kwa vidole viwili. Dukani niliziomba ziwashwe, nikabonyeza kwa upole mgongo wa mfuniko kwa kiganja huku nikitazama skrini. Moja ilionyesha mawimbi kwenye picha papo hapo, nikairudisha. Kwenye begi sasa laptopu inakaa kwenye mfuko wake wenye sponji, mfuniko ukielekea upande wa mwili wangu, na chaja iko chini kabisa ubavuni. Hakuna kitu kigumu kinacholalia mfuniko.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi alinisikiliza, akaenda kukata katoni zake mwenyewe, akasafiri nazo wiki nzima, kisha akanunua ya inchi 16. Nilishangaa mpaka aliponikumbusha kwamba yeye hupandia kituo cha kwanza, anapata kiti kila asubuhi, na nyumbani hana skrini nyingine ya kufanyia kazi.