Mkopo wa karo unaotolewa kila muhula: uzoefu wangu hadi mahafali

Nimesomea shahada katika chuo kikuu cha binafsi hapa Nairobi kwa mkopo wa karo kutoka kampuni moja ya mikopo midogo. Sitaitaja jina, maana mikopo ya namna hii hutolewa na wengi na masharti yake yanafanana. Mkopo wa serikali wa HELB nilipata, na riba yake ya asilimia 4 kwa mwaka ni nafuu, lakini pesa ile haikufikia karo yote ya chuo cha binafsi. Pengo lilikuwa shilingi 60,000 kila muhula, na hapo ndipo mkopo huu ulipoingia.

Utaratibu ni rahisi. Unaidhinishiwa mara moja mwanzoni, mdhamini anatia sahihi (kwangu ni mama), kisha kila muhula unapeleka ankara ya karo na matokeo ya muhula uliopita. Wakiridhika, pesa inatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo. Hupewi mkononi. Katika hilo siwezi kuwalaumu hata kidogo: mihula yote minane pesa ilifika kabla ya usajili kufungwa, na sikuwahi kufukuzwa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya karo. Wenzangu waliotegemea harambee hawakuwa na bahati hiyo.

Riba ni asilimia 12 kwa mwaka, yaani asilimia 1 kwa mwezi, na hailipwi ukiwa shuleni. Inalimbikizwa pembeni hadi mwezi wa mahafali. Siku ya kutia sahihi afisa wa mikopo alimweleza mama vizuri tu: "Mama, kila awamu ina riba yake. Ikitoka leo, riba yake inaanza leo." Mama akatikisa kichwa kukubali. Ni sentensi fupi, lakini mkopo mzima umo ndani yake.

Watu wengi nikiwaambia nilikopa 480,000 kwa asilimia 12, wanapiga hesabu kwa njia mbili. Kuna anayechukua asilimia 12 ya 480,000 mara moja, anapata 57,600, anasema si mbaya. Kuna anayezidisha hiyo kwa miaka minne, anapata 230,400, anashika kichwa. Wote wawili wamekosea, kwa sababu sikukopa 480,000 siku moja. Nilikopa 60,000 mara nane, na kila 60,000 ina umri wake.

Awamu ya kwanza ilitoka Septemba 2021. Mahafali yangu yalikuwa Desemba 2025. Hiyo ni miezi 51, na kila mwezi 60,000 inazaa shilingi 600, kwa hivyo awamu hiyo peke yake imezaa riba ya 30,600. Zaidi ya nusu yake! Awamu ya mwisho ilitoka Januari 2025, ikakaa miezi 11, ikazaa 6,600. Ni pesa zile zile, riba ile ile, chuo kile kile, lakini shilingi ya mwaka wa kwanza imenigharimu karibu mara tano ya shilingi ya muhula wa mwisho.

Zilizo katikati hesabu yake ni hiyo hiyo. Chuo chetu kina mihula miwili, wa Septemba na wa Januari, kwa hivyo umri wa awamu zote nane kufikia Desemba 2025 ni miezi 51, 47, 39, 35, 27, 23, 15 na 11. Jumlisha unapata 248. Zidisha kwa 600 unapata 148,800. Ongeza 480,000 uliyokopa, na deni siku ya mahafali ni 628,800. Stetimenti yao ilinipa takwimu hiyo hiyo bila kupungua wala kuzidi, kwa hivyo kwa uaminifu wa hesabu nawapa alama zote.

Kwenye apu ndipo wanaponiudhi. Ukifungua, ukurasa wa mbele unaonyesha "Salio la mkopo" kwa maandishi makubwa, na salio hilo ni awamu ulizochukua tu. Mwaka wote wa nne nilikuwa naona 420,000, kisha 480,000. Riba iliyolimbikizwa iko ukurasa mwingine, unaufikia kwa kubonyeza stetimenti, kuchagua tarehe, na kungoja faili itumwe kwa barua pepe. Si siri, maana mkataba umesema, lakini mwanafunzi gani wa mwaka wa pili anaomba stetimenti? Anaangalia salio, anafunga simu.

Sasa kuna kipindi ambacho hakuna aliyenitajia, na ndicho kilichonila zaidi kwa mwezi. Mtihani wa mwisho niliufanya Aprili 2025. Kufikia mwanzo wa Mei riba ilikuwa 115,200. Mahafali yakawa Desemba. Kwa miezi hiyo saba sikuwa darasani, sikuchukua awamu yoyote mpya, lakini awamu zote nane zilikuwa zinazaa kwa pamoja: 4,800 kila mwezi, jumla 33,600. Mwaka wa kwanza, baada ya awamu mbili, mkopo ulikuwa unazaa 1,200 kwa mwezi. Deni linakimbia kasi zaidi wakati ule hasa ambao mtu amekaa nyumbani akisubiri orodha ya mahafali, huku idara ikitafuta alama za somo moja lililopotea. Ukiwa na alama inayokosekana, fuatilia mapema. Ukikosa orodha ya mwaka huo na chuo chako kina mahafali mara moja kwa mwaka, hiyo ni 57,600 nyingine kwa mkopo wa ukubwa huu.

Halafu mwezi wa mahafali ukifika, riba yote iliyolimbikizwa inaunganishwa na mkopo wenyewe. Kabla ya hapo riba ilikuwa inahesabiwa kwa 480,000 tu, riba haizai riba. Baada ya hapo inahesabiwa kwa 628,800. Kwa mwezi wa kwanza wa kulipa, badala ya 4,800 ni 6,288. Nimepangiwa miezi 48 kwa salio linalopungua, na kila mwezi nalipa takriban 16,560, ambayo mwishowe itafika karibu 795,000. Kwa hivyo ukiwa na pesa yoyote, hata ya mshahara wa kwanza wa kibarua, ilipe kabla ya mwezi huo wa kuunganisha. Baada yake riba imeshageuka mkopo, na nayo inatozwa riba.

Lakini hata kulipa mapema kuna mtego wake. Rafiki yangu tuliyekuwa tukiishi naye Kahawa Wendani alikuwa na mkopo huu huu. Septemba 2023 alilipa 10,000 kwa paybill baada ya kufanya kazi likizo nzima. Alipoomba stetimenti akakuta pesa imeingizwa kwenye riba. Mkataba unasema malipo ya kabla ya wakati huanzia kwenye riba, isipokuwa mkopaji ameomba vingine kwa maandishi. Tofauti yake ni hii: ukilipa riba, mkopo wenyewe unabaki vilevile na mwezi ujao unazaa kiasi kile kile. Ukilipa mkopo wenyewe, 10,000 hiyo inaacha kuzaa shilingi 100 kila mwezi. Kwa miezi 27 iliyokuwa imebaki hadi mahafali, hiyo ni 2,700. Aliandika barua pepe, wakamrekebishia ndani ya wiki. Wao hawakubishana, lakini pia hawangemwambia asipouliza. Kwa kampuni ambazo riba yao inazaa riba kila mwezi tangu mwanzo, ujanja huu haubadilishi kitu, kwa hivyo soma kwanza wako uko wapi. Kwa mkopo wangu, kama riba ingekuwa inajiongeza kila mwezi, siku ya mahafali ningekuwa na deni la 659,000 na ushei.

Kuna pia ada ya asilimia 1 ya kila awamu, ambayo wanaikata kabla ya kutuma. Chuo kilikuwa kinapokea 59,400, na 600 iliyopungua inakaa kwenye akaunti yako ya karo kama deni. Ni pesa ndogo, ila mfumo wa kadi za mtihani haujui ndogo wala kubwa. Lipa hiyo 600 mwenyewe wiki ile ile.

Je, ningempendekezea mtu? Kwa mwaka wa tatu na wa nne, ndiyo. Kwa mwaka wa kwanza, la, ikiwa familia ina pesa yoyote mahali. Nyumbani kwetu kulikuwa na 120,000 ya mama katika chama, na wazee wote walikubaliana iwekwe akiba ya mwaka wa nne "mtoto asije akakwama mwishoni". Wazo ni la hekima kwa macho, lakini hesabu inasema kinyume. Mihula miwili ya mwaka wa kwanza imezaa riba ya 58,800. Mihula miwili ya mwisho imezaa 15,600. Pesa ya mama kulipia mihula ya mwanzo badala ya ile ya mwisho kungeokoa riba ya 43,200 bila mtu kuongeza hata shilingi. Kuiweka akiba kungekuwa na maana tu kama ingekuwa inazaa zaidi ya asilimia 12 baada ya kodi, na kwa kuwa serikali inakata asilimia 15 ya faida ya riba, hiyo ni akiba ya zaidi ya asilimia 14 kwa mwaka. Chama cha mama hakina faida ya namna hiyo. Kina chai na mandazi.

Basari nayo isisahaulike. Ikiingia ya CDF, ule mfuko wa eneobunge, hata ikiwa elfu kumi, omba awamu ijayo ipunguzwe kiasi hicho. Usipowaambia wanatuma 60,000 kamili, chuo kinabaki na ziada yako bila kukulipa chochote, huku wewe ukiilipia riba.

Mdogo wangu aliingia chuoni Septemba 2025. Mama alitaka ajaze fomu za mkopo ule ule wiki ya kwanza. Tulikaa naye sebuleni na stetimenti yangu, nikamwonyesha mstari wa awamu ya kwanza na mstari wa awamu ya mwisho. Karo ya mwaka huu inatoka kwenye chama, ya Januari imeshalipwa. Mkopo ataanza kuchukua Septemba 2026, na kama hatabadilisha kozi, kwa awamu sita badala ya nane riba yake kufikia mahafali itakuwa 90,000.