Kuchomoa kurasa chache kutoka PDF kubwa: kipi utumie bure, kipi ulipie

Mtu anayetafuta programu ya kuchomoa kurasa kwenye PDF hukutana kwanza na matangazo ya kulipia kila mwezi. Kabla hujatoa kadi ya benki, fahamu kwamba kazi hii huwa haihitaji hela. Kinachotofautisha njia moja na nyingine ni mambo mawili: faili lako linakwenda wapi wakati kazi inafanyika, na kinachotoka upande wa pili kikoje. Kuna njia zinazokupa ukurasa uleule ulivyokuwa, maandishi yake yakiwa hai. Nyingine hukupa picha ya ukurasa tu. Nyingine hukupa kurasa saba zenye uzito wa kitabu kizima.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho. Tuseme una kabrasha la zabuni lililoskaniwa, kurasa 286, uzito MB 88. Mfumo wa maombi unataka tu fomu ya bei iliyo ukurasa wa 31 hadi 36 na tamko lenye muhuri lililo ukurasa wa 212, na haupokei faili linalozidi MB 2.

Kosa la kwanza hutokea hapa, kabla hata ya kuchagua programu. Namba iliyochapwa chini ya ukurasa si lazima iwe ndiyo namba inayohesabiwa na programu. Kabrasha hili linaanza na jalada, yaliyomo na dibaji, jumla kurasa 14 zenye namba za Kirumi au zisizo na namba kabisa. Kwa programu nyingi, ukurasa uliochapwa 31 ni wa 45. Kwa hiyo jumlisha 14 kila mahali: unachohitaji ni 45 hadi 50, pamoja na 226. Fungua faili, nenda ukurasa wa 45 kwa kuandika namba hiyo kwenye kisanduku cha juu, uone kama fomu ya bei iko pale. Ni hatua ya sekunde chache, na ndiyo inayokuzuia kutuma dibaji badala ya bei.

Sasa nazipanga njia kwa namna ambavyo ningemshauri ndugu yangu.

Ya kwanza: kivinjari ulichonacho, kwa anayefanya kazi hii mara mojamoja

Fungua PDF ndani ya Chrome au Edge, bonyeza Ctrl+P. Kwenye orodha ya printa chagua `Save as PDF`. Kwenye sehemu ya kurasa chagua kuandika mwenyewe, kisha weka `45-50,226`. Hifadhi kwa jina jipya. Umemaliza, hukusakinisha kitu, hukutumia bando, na faili halikutoka kwenye kompyuta yako.

Udhaifu wake ni kwamba unachapisha upya, huchomoi kikamilifu. Alamisho za pembeni hupotea, na fomu yenye visanduku vya kujaza hugeuka karatasi ya kawaida isiyojazika. Kama umeona kisanduku cha `Print as image`, hakikisha hakina alama ya vema, kwa sababu kikiwashwa maandishi yote yanakuwa picha. Kujua kama limekutokea ni rahisi: fungua faili jipya, bonyeza Ctrl+F utafute neno unaloliona kwa macho. Kama lilipatikana kwenye faili la zamani na halipatikani kwenye jipya, umepoteza maandishi. Kwa kabrasha letu la skani lisilo na maandishi hai tangu mwanzo, hasara hiyo haipo.

Wenye Mac wana njia bora zaidi ya hii bila gharama. Fungua faili ndani ya Preview, washa picha ndogo za kurasa pembeni, shika Cmd ukibofya kila ukurasa unaoutaka, kisha ziburute hadi kwenye eneo kazi. Zinadondoka zikiwa PDF mpya.

Ya pili: PDFsam Basic, kwa ofisi na steshenari

Kama kazi hii inakujia kila siku, hapa ndipo pa kutulia. PDFsam Basic ni ya bure, inafanya kazi Windows, Mac na Linux, na ikishasakinishwa haihitaji intaneti. Chagua `Extract`, buruta faili ndani, andika kurasa kwa mtindo uleule wa `45-50,226`, taja mahali pa kuhifadhi, endesha. Inachomoa kweli: ukurasa unahamishwa ulivyo, maandishi yakibaki maandishi na skani ikibaki na ubora wake.

Jihadhari na jina tu. Kampuni hiyohiyo ina matoleo ya kulipia, na utakutana na matangazo yake. Kwa kuchomoa kurasa huyahitaji. Pakua lenye neno Basic, kutoka tovuti ya watengenezaji wenyewe, si kutoka kwenye kurasa za kupakulia zinazobandika programu nyingine ndani ya kifurushi.

Ya tatu: qpdf, kwa asiyeogopa kuandika amri

Kwa ubora ningeiweka ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu haina vitufe, na watu wengi hawatapenda kufungua dirisha jeusi. Ni ya bure, ni nyepesi, na faili la kurasa maelfu haliisumbui. Mfano wetu unakuwa hivi:

```
qpdf --empty --pages kubwa.pdf 45-50,226 -- ndogo.pdf
```

Lile neno `--empty` lina kazi kubwa. Maelekezo mengi hukuambia uanze na jina la faili lenyewe, na kurasa zitatoka sawasawa. Lakini ukianza hivyo, taarifa za kabrasha zima hufuata: kichwa cha faili, jina la mwandishi, hata orodha ya alamisho zenye majina ya sura ambazo hukukusudia kuzitoa. Fikiria unampa mshindani kurasa saba, na pembeni anasoma majina ya viambatisho vyako vyote. Kwa `--empty` unaanza na faili tupu, kisha unaingiza kurasa ulizozitaja, basi. Faida nyingine ni mpangilio: ukiandika `226,45-50`, tamko linatangulia mbele ya bei.

Ya nne: tovuti za kupakia faili

iLovePDF, Smallpdf, Sejda na wenzao ni rahisi kutumia na kazi zao ni safi. Nimeziweka chini kwa sababu mbili zinazoumiza hapa kwetu. Ya kwanza ni bando. Unataka kurasa 7, lakini mara nyingi lazima upakie MB 88 zote kwanza. Mtandao ukikatika ukiwa kwenye asilimia 90, unaanza upya. Pia sehemu ya bure ina vikomo vya ukubwa wa faili na idadi ya kazi, na kabrasha kama hili linaweza kugonga ukuta.

Ya pili ni siri. Hata kama tovuti inaahidi kufuta faili baada ya saa chache, kabrasha lako zima limeshakaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, zikiwemo kurasa 279 ambazo hukutaka kumwonyesha yeyote. Kwa silabasi au gazeti la serikali, haina neno. Kwa taarifa ya benki, cheti cha daktari au mafaili ya wafanyakazi, usipakie. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ina yake ya 2022, na anayeshika taarifa za wengine ndiye anayeulizwa zilifikaje huko. Kama huna njia nyingine, chomoa kwanza kwa kivinjari, kisha upakie zile saba tu kwa kazi itakayobaki.

Ya tano: Adobe Acrobat ya kulipia

Inafanya kazi vizuri sana, na ni ghali kwa kazi hii pekee. Acrobat Reader ya bure haichomoi kurasa. Kitufe unakiona, ukikibofya unaombwa ulipie. Toleo la Pro ni karibu dola 20 kwa mwezi ukikubali mkataba wa mwaka, na ukiuvunja mapema unaweza kukatwa ada. Soma mstari huo kabla ya kubofya.

Inafaa kulipiwa kama ofisi yako pia inafuta kabisa majina ndani ya nyaraka kabla ya kuzitoa, au inageuza skani kuwa maandishi yanayotafutika kila siku. Ukiinunua, wakati wa kuchomoa angalia kisanduku cha `Delete pages after extracting`. Ukikiweka alama, kurasa zinaondoka kwenye kabrasha la asili, na ukihifadhi baada ya hapo zimekwenda. Fanyia kazi nakala.

Faili dogo lisilo dogo

Ukishachomoa, pima uzito. Hesabu yake ni nyepesi: MB 88 gawanya kwa 286 ni kama MB 0.31 kwa ukurasa, kwa hiyo kurasa 7 zinapaswa kuwa kama MB 2.2. Ukiona MB 60, njia uliyotumia imebeba picha na fonti za kurasa ulizoziacha. Hutokea pale ambapo kurasa zote zinachota kwenye ghala moja la picha ndani ya faili, na programu ikahamisha ghala zima. Rudia kwa njia nyingine ya hapo juu. Mara nyingi qpdf au kivinjari huliacha ghala nyuma.

Kwetu sisi MB 2.2 ni sahihi, ila mfumo unataka MB 2. Hapo Ghostscript, nayo ya bure, inasaidia:

```
gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o nyepesi.pdf ndogo.pdf
```

Kwenye Windows, badala ya `gs` andika `gswin64c`. Mpangilio wa `/ebook` hushusha picha za rangi hadi nukta 150 kwa inchi. Kama skani ilikuwa ya nukta 300, kila ukurasa unabaki na robo ya nukta zake, na kurasa saba zitashuka chini ya MB 2 kwa nafasi nzuri. Usitumie `/screen`, inayoshusha hadi 72: maandishi madogo ndani ya muhuri huvurugika. Kuza ukurasa wa tamko hadi asilimia 200, usome tarehe kwenye muhuri na tarakimu za bei moja moja kabla ya kutuma.

Kuna jambo moja ambalo hakuna programu kati ya hizi inayoweza kulitatua. Kama PDF ya asili ina sahihi ya kidijitali, ile inayothibitishwa na programu na si picha ya sahihi ya kalamu, kuchomoa kunaivunja. Anayepokea hawezi tena kuthibitisha kwa faili dogo kwamba hakuna kilichobadilishwa. Ukitakiwa nyaraka yenye sahihi ya namna hiyo, tuma ya asili nzima, na kurasa ulizochomoa ziambatishe pembeni kwa urahisi wa kusoma. Kama faili zima ni zito kupita kikomo, mwombe aliyeitoa akutolee kurasa hizo zikiwa na sahihi mpya.