Uzoefu wangu: darasa la siku moja la kujifunza kwa mashine, kwa machungwa na malimau

Mimi natunza hesabu za ghala la matunda Muheza. Kuandika programu sijui. Niliposikia kuna darasa la Jumamosi moja mjini Tanga linaloeleza namna kompyuta inavyojifunza kwa kutumia matunda, nililipa ada siku hiyo hiyo.

Mezani palikuwa na mizani ya jikoni, rula na matunda sita. Tulipima wenyewe kila tunda: uzito kwa gramu, kisha umbo, yaani urefu ukigawanywa kwa upana. Tunda la mviringo linapata karibu 1, na limau kwa kuwa limechongoka linapita hapo. Karatasi waliyotugawia ilikuwa na safu ya rangi pia, lakini sisi wa Muheza tulimwambia mwalimu kwamba chungwa letu huiva likiwa bado la kijani, maana ganda huhitaji baridi ya usiku ndipo ukijani uishe. Aliifuta safu ile bila ubishi. Hapo nilimheshimu sana, kwa sababu rangi ingetupotosha tangu mwanzo.

Jedwali letu zima ni hili:

```
Tunda     Uzito   Umbo
Chungwa   170     1.00
Chungwa   150     1.00
Chungwa   135     1.05
Limau     115     1.35
Limau     105     1.40
Limau      90     1.30
```

Kanuni yenyewe inaitwa majirani wa karibu. Tunda jipya likija, kompyuta inatafuta kwenye jedwali matunda matatu yaliyo karibu nalo zaidi kwa vipimo, kisha inalipatia jina la walio wengi. Hakuna aliyeiandikia kompyuta kwamba chungwa ni nini. Ina mifano tu yenye majina.

Sehemu iliyonifaa kuliko zote ilikuja pale mashine ilipokosea. Mwalimu alileta chungwa dogo la gramu 112, umbo 1.00. Kila mtu aliona ni chungwa. Tukaandika kwenye Excel fomula ya umbali, tukaiburuta hadi chini:

```
=SQRT((B2-112)^2+(C2-1)^2)
```

Majirani watatu wakawa malimau yote matatu. Mwalimu hakutueleza sababu, alitwambia tuitafute. Dada mmoja aliyekaa karibu nami ndiye aliyeiona: kati ya chungwa letu na limau la gramu 105, uzito umetofautiana kwa 7, na umbo kwa 0.40 tu. Kompyuta haijui kwamba hizi ni gramu na kile ni kipimo cha umbo. Inaona namba, na namba kubwa inaimeza ndogo. Umbo, ambalo ndilo linalotofautisha matunda haya, halikuwa na sauti kabisa.

Dawa yake ni kuvileta vipimo vyote kwenye mizani moja. Uzito wa chini kwenye jedwali ni 90 na wa juu 170, kwa hiyo unatoa 90 kisha unagawanya kwa 80. Umbo unatoa 1, unagawanya kwa 0.4. Sasa kila safu inaanzia 0 na kuishia 1. Chungwa letu dogo likawa 0.275 na 0. Tulipokokotoa upya, jirani wa kwanza akawa lile chungwa la gramu 135, kwa umbali wa 0.31, na wawili waliofuata wakawa machungwa pia. Limau la karibu kabisa lilikuwa mbali, 0.80. Matunda ni yale yale na vipimo ni vile vile, ila jibu limegeuka.

Mchana mambo yalilegea. Walitwambia tupime usahihi kwa kurudisha yale matunda sita, moja moja, tukitafuta jirani mmoja tu. Yote yakatoka sawa na watu wakapiga makofi. Hili sikulikubali, na nililisema pale pale: tunda lililomo kwenye jedwali jirani yake wa karibu ni lenyewe, umbali 0, basi litakosaje? Jaribio la kweli linataka matunda ambayo jedwali halijawahi kuyaona. Mwalimu alikiri, lakini matunda mengine hayakuwepo.

Nilikuwa na chenza kwenye mkoba, tukalipima. Mashine ikaliita chungwa. Ina majina mawili tu, kwa hiyo hata ungeipa kitunguu ingechagua mojawapo. Kwa ghala letu hili si dogo, maana mizigo huja imechanganyika.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Asubuhi ile ilistahili ada yote. Ombi langu kwa waandaaji ni kwamba wakirudia walete matunda ishirini, matano wayafiche chini ya meza hadi saa tisa alasiri, na mapema kabisa waongeze safu ya chenza.