Baba yake Shakespeare: mchinjaji au mshona glavu?

John Aubrey, Mwingereza aliyeandika habari za maisha ya watu miaka 80 hivi baada ya John Shakespeare kufariki mwaka 1601, alidai kwamba mzee huyo alikuwa mchinjaji, na kwamba mwanawe William, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa tamthilia, alikuwa akichinja ndama huku akihutubia. Hadithi ni tamu, lakini imetoka kwa watu ambao hawakumjua John Shakespeare.

Karatasi za Stratford, mji wa Uingereza alikoishi, hazina utamu huo, ila ziliandikwa akiwa hai, na makarani wasiojua kwamba mwanawe angekuja kuwa maarufu. Kesi ya mwaka 1556 inamtaja kuwa mshona glavu. Mwaka 1568 akawa mkuu wa mji, cheo kinachokaribiana na umeya. Miaka ya 1570 alishtakiwa kwa kununua sufu kinyume cha sheria, na hilo halishangazi, kwani ngozi na sufu hutoka kwa kondoo yuleyule. Baadaye aliacha kuhudhuria baraza, na mwaka 1586 nafasi yake ikapewa mwingine. Hadithi ya mchinjaji haina dalili yoyote ya kupanda na kushuka huko.

Kumbukumbu nazo zina mtego wake. Stratford iliwahi kuwa na John Shakespeare mwingine, fundi viatu. Kwa hiyo jina pekee halitoshi: tazama kazi iliyotajwa, mke, na nyumba yake ya mtaa wa Henley. Cheo nacho hubadilika, maana mshona glavu huyohuyo aliyemiliki ardhi huandikwa mahali pengine kuwa mkulima mwenye shamba lake.