Wiki ya kazi Dar: gesti ya Sinza, hoteli ya Posta au apatimenti ya Mikocheni?

Mimi ni mkaguzi wa hesabu, makao yangu Mwanza, na wateja wangu wengi wa Dar ofisi zao zipo Posta. Safari zangu huwa za mtindo mmoja: naingia Jumapili jioni, naondoka Jumamosi asubuhi, yaani usiku sita. Malazi ya aina zote tatu nimeyalalia kwa safari tofauti, kazi ikiwa ileile. Hapa nazungumzia mfuko, usalama na utulivu tu. Mandhari na mapambo nawaachia walio likizo.

Nianze na mfuko, maana bei ya chumba peke yake inadanganya. Chakula cha mchana sikihesabu kwa sababu nakula kulekule kazini, bei haibadiliki.

Gesti ya Sinza nililipa 35,000 kwa usiku, chumba self chenye kiyoyozi. Usiku sita ni 210,000. Asubuhi supu na chapati, usiku chips kuku au wali samaki kwa mama ntilie, wiki nzima ikanila kama 90,000. Usafiri ni bodaboda mpaka kituo cha Shekilango, halafu mwendokasi hadi mjini. Kwenda na kurudi siku tano haukuzidi 30,000. Jumla 330,000.

Hoteli ya Posta, ya kati tu, ilikuwa 95,000 na kifungua kinywa ndani yake. Usiku sita ni 570,000. Chakula cha jioni 90,000, kazini nakwenda kwa miguu. Jumla 660,000.

Apatimenti ya Mikocheni ilitangazwa kwa 70,000, nikaiona rahisi. Usiku sita ni 420,000, halafu ada ya usafi 30,000, LUKU 20,000, vitu vya kupika 60,000, na teksi za kuita kwa simu kwenda Posta na kurudi, 100,000 kwa wiki. Jumla 630,000. Umeiona tofauti na hoteli? Elfu thelathini, na vyombo nimeosha mwenyewe. Ila safari niliyokwenda na mwenzangu wa kazi, vyumba viwili kwa bei hiyohiyo, tukagawana kila kitu pamoja na teksi, kila mmoja alitoa kama 335,000. Hapo apatimenti inakuwa sawa na gesti, na unalala pazuri zaidi.

Hiyo LUKU usiichukulie poa. Hotelini na gesti umeme ni wao, kwenye apatimenti nyingi ni wako. Kiyoyozi cha wastani kikiwaka usiku kucha kinakula uniti sita au saba, na uniti moja kwa nyumba ya matumizi ya kawaida ni shilingi 350 na ushee. Ongeza hita ya bafuni. Ukifika, piga picha mita inasoma uniti ngapi, na uelewane na mwenye nyumba kama utaziacha ulizozikuta au la. Mwenye nyumba mmoja aliniachia uniti tatu, zikakata saa tisa usiku. Nikajaza tokeni ya tarakimu ishirini kwa tochi ya simu, mita yenyewe ipo nje getini.

Sasa utulivu. Watu wanadhani gesti zote ni kelele, si kweli. Kinacholeta kelele gesti ni vitu viwili. Cha kwanza ni baa ya jirani, na Sinza hilo huhitaji kuambiwa. Ukifika mchana baa imelala, utadhani ni mtaa wa watawa. Kwa hiyo tazama spika zimeelekezwa wapi na dirisha lako linatazama wapi. Cha pili ni wateja wa mapumziko, wale wa saa mbili tatu. Mimi siku hizi nauliza wazi mapokezi: "Dada, mapumziko mnatoza bei gani?" Akinitajia bei haraka bila kufikiri, naaga. Maana yake milango itapigwa mchana na usiku, na korido itapitwa na watu ambao hawakuandikwa popote. Niliyokuja kuipenda dada alinijibu, "Hapa hatuna hiyo, kaka, ni kulala tu," kisha akanisogezea daftari la wageni: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, namba ya kitambulisho. Daftari linalojazwa kila mstari ndiyo dalili nzuri ya usalama niliyoiona gesti. Mama mwenye gesti analala palepale, na saa sita usiku geti linafungwa.

Hoteli ya Posta usiku ni kimya kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ofisi zikifungwa mtaa unabaki na walinzi. Kelele inatoka ndani: jenereta umeme ukikatika, na ukumbi. Ukiwa na hoteli yenye ukumbi, Ijumaa kuna send-off, na muziki unapanda kwa nguzo hadi ghorofa ya tatu. Omba chumba cha juu, upande usio na jenereta. Kwa usalama wa vitu, hoteli inashinda bila ubishi: kadi ya mlango, kamera, sefu ya kutunzia kompyuta yenye hesabu za wateja. Nje ni habari nyingine. Mitaa ile ikishakuwa mitupu, ukitembea na simu sikioni unawaita wa pikipiki waje kuikwapua. Mimi naagiza chakula kije.

Apatimenti ilikuwa tulivu kuliko zote, nalala kama mtoto, isipokuwa pampu ya kisima iliyokuwa ikijiwasha alfajiri. Uliza pia kama kiwanja cha jirani kinajengwa, maana Mikocheni hakukosi ghorofa linaloinuka. Wasiwasi wangu ni funguo. Hujui nakala ziko ngapi wala nani alilala pale wiki iliyopita. Siku ya tatu nilirudi mchana nikamkuta dada wa usafi sebuleni, kaingia kwa ufunguo wake, na kompyuta yangu ipo mezani. Hakuna kilichopotea, na alikuwa mtu mstaarabu, lakini hakuna aliyeniambia kwamba atakuja. Tangu hapo kabla ya kulipa naomba picha ya mlango kwa ndani nione komeo, na namuuliza mwenye nyumba nani mwingine ana ufunguo. Mlinzi wa getini naye apewe jina lako mapema. La sivyo utasimama saa nne usiku na begi, umempigia mwenye nyumba na hapokei.

Kwa sisi wa kuajiriwa kuna jambo linaloweza kupindua hesabu yote: risiti. Mhasibu wetu hapokei kitu kisicho risiti ya EFD, na anaihakiki kwenye verify.tra.go.tz. Hoteli inakupa bila kuomba. Gesti nyingi zinakuandikia kwa mkono, na mwenye apatimenti anakutumia ujumbe wa malipo ya simu. Kwa hiyo kampuni yako ikirudisha fedha kwa risiti, nenda hotelini, ile 660,000 si yako. Ikikupa posho mkononi na kilichobaki ni chako, mimi nakwenda Sinza kwa yule mama, chumba cha nyuma. Tukiwa wawili, Mikocheni.

Na popote utakapochagua, lipia usiku mmoja kwanza. Gesti na hoteli zinakubali bila neno. Apatimenti ndiyo wanaotaka wiki nzima mkononi, na hapo ndipo picha ya komeo, ya mita na ya dirisha zinapohitajika kabla hujatuma hela.